Usiilaumu Betri Kabla ya Kuipima

Mpenzi msomaji, ikiwa simu yako huamka imejaa chaji na kufikia adhuhuri imezima kama kibatari kisicho mafuta, leo nina neno nawe. Huenda umekwisha kuweka kando pesa za betri mpya. Zishike kwanza.

Mwezi uliopita nilikuwa katika kibanda cha fundi mmoja pale Ukunda, alipoingia mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga kijijini, upande wa Msambweni. Wateja wake wengi humlipa kwa M-Pesa, kwa hivyo simu ikizima na biashara husimama. Lakini lililomleta si biashara. Siku mbili nyuma binti yake alishikwa na uchungu wa uzazi, akampigia mamake mara nne bila kumpata. Habari za mjukuu mama alizipata usiku, tena kwa mdomo wa jirani.

"Mwanangu, nitilie betri mpya," alisema. "Hii imeniaibisha."

Fundi hakugusa bisibisi. Alimvutia mama kiti, akamweleza. Nimeyaandika maneno yake ili uyatumie nyumbani, na kijana anayejifunza kazi hii ayatumie mbele ya mteja wake.

"Mama, betri ni kama pipa la maji. Pipa likikauka upesi, ama limepungua ukubwa, ama lina tundu, ama watu nyumbani wanachota kupita kiasi. Nikikuuzia pipa jipya na wachotaji ni walewale, utarudi hapa na manung'uniko yaleyale. Tupime kwanza."

Kipimo chenyewe ni cha usiku mbili. Usiku wa kwanza, saa tatu, andika asilimia ya chaji, kisha washa Airplane mode, ile yenye picha ya ndege. Usiichomeke simu kwenye umeme wala usiiguse. Saa kumi na mbili asubuhi soma tena. Usiku wa pili fanya vivyo hivyo, lakini picha ya ndege iache imezimwa. Angalia tu kwamba usiku huo wa kwanza simu haipatikani, basi uchague usiku ambao hungoji habari ya mtu.

Mama alirudi siku ya tatu na karatasi yake. Usiku wa kwanza chaji ilishuka kutoka 80 hadi 78. Usiku wa pili ilishuka kutoka 80 hadi 57. Fundi alitabasamu. "Mama, pipa lako zima. Simu ilipofungiwa mtandao ilitumia 2 tu. Ilipofunguliwa ikatumia 23, nawe umelala. Anayechota ni mtandao."

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi wetu hatuijui. Simu huzungumza na mnara hata ikiwa mfukoni. Mnara ukiwa karibu, hunong'ona. Mnara ukiwa mbali, au kuta nene zikiwa katikati, hulazimika kupaza sauti, na sauti hiyo hulipiwa na betri. Ikipoteza mnara kabisa huanza kuutafuta upya, na huko kutafuta ndiko kunakoimaliza.

Fundi alifungua Settings, kisha About phone, kisha SIM status, akamwonyesha mama mstari ulioandikwa Signal strength. Pale Ukunda ulisoma -83 dBm. Mama alipousoma nyumbani jioni ile, ulikuwa -116. Hesabu hizi zina alama ya kutoa, kwa hivyo iliyo karibu na sifuri ndiyo bora. Ikifika -110 na kuendelea, jua simu inapiga kelele.

Kulikuwa na jambo jingine. Ndani ya simu mlikuwa na laini ya pili, ya Tanzania, ambayo mama aliinunua alipovuka Horohoro kwenda Tanga kwenye arusi, kisha akaisahau. Laini hiyo ilikuwa ikihangaika usiku na mchana kutafuta mtandao wa kuipokea, isiupate.

Basi dawa ya kwanza ni kuupunguza uchotaji huo. Zima laini usiyoitumia, au itoe uihifadhi. Kisha nenda kwenye mipangilio ya laini iliyobaki, mahali pa Preferred network type. Ikiwa 4G inakuja na kupotea pale ulipo, chagua 3G. Simu za kawaida na menyu ya M-Pesa iliyo katika laini hazihitaji 4G. Utakachokosa ni mwendo wa picha na video, nawe ukifika mjini waweza kuirudisha. Nyumbani, ilaze simu dirishani badala ya ndani kabatini.

Dawa ya pili ni mwanga wa kioo. Sisi wa pwani hutoa simu juani, tusione kitu, tukaongeza mwanga hadi mwisho. Tukiingia kivulini tunasahau kuupunguza. Kioo ni miongoni mwa walaji wakubwa wa chaji katika simu. Washa Adaptive brightness ili kijirekebishe chenyewe, na mahali pa Screen timeout weka sekunde 30. Ya mama ilikuwa dakika 10. Kila M-Pesa ikiingia, kioo kilibaki kinawaka huku yeye akigeuza samaki.

Dawa ya tatu ndiyo betri mpya, nayo hutolewa kipimo kikisema. Siku ileile kijana wa bodaboda alileta yake: usiku wenye picha ya ndege ilishuka kutoka 80 hadi 61. Hapo hakuna mtandao wa kulaumiwa. Fundi aliizima simu, akaichomoa betri, akaiunganisha simu na mashine yake ya umeme yenye kipimo. Simu iliyozimwa haitakiwi kuvuta kitu. Ikivuta, tundu liko kwenye bodi, aghalabu kwa sababu ya unyevu na chumvi iliyopenya, na betri mpya haitalitibu. Ya kijana ilisoma sifuri, kwa hivyo mkosa alikuwa betri, akatiliwa nyingine.

Betri za siku hizi hupungua ukubwa kila zinapojazwa. Baada ya kujazwa kikamilifu mara 500 hivi, nyingi zimepoteza kama sehemu moja ya tano ya uwezo wao, na joto huzidisha hasara hiyo. Bodaboda hufunga simu mbele ya usukani, jua likiichoma na chaji ikiendelea. Fundi alimwambia aihamishe kivulini, na aiache ipoe kabla ya kuichomeka. Mwenye kuchaji chini ya mto naye asikie.

Na ukiona mgongo wa simu umefura, au kioo kimeinuka pembeni, usingoje kipimo cha usiku wowote. Izime, usiibonyeze wala kuitoboa, uipeleke kwa fundi. Betri iliyofura yaweza kuwaka moto.

Yule mama je? Hakununua betri. Juma moja baadaye nilimpigia kumjulia hali, ilikuwa saa mbili za usiku. Aliipokea simu mlio wa pili. Nilimwuliza amebakiwa na chaji kiasi gani, akasema 34, kisha akaniomba nikate upesi, kwani alikuwa akingoja kusikia kama mjukuu amelala.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji wangu, kaa salama.