Tiki haisemi ukweli wote

Juzi kazini nilipewa jedwali linalolinganisha hifadhidata mbili, SQLite na PostgreSQL. Kwenye mstari wa "watumiaji wengi", zote zina tiki. Jamani, hiyo tiki itamponza mtu!

Nikaifuta, nikaandika: "SQLite ni faili moja, haihitaji seva. Wengi wanasoma pamoja, ila anayeandika ni mmoja kwa wakati. Wengine wanangoja zamu, na muda wa kungoja ukiisha wanaona `database is locked`. PostgreSQL inaruhusu wengi kuandika kwa pamoja, lakini seva yake inataka mtu wa kuitunza."

Sasa duka lenye keshia mmoja linajua lichukue ipi, na lenye keshia kumi pia. Kwangu mimi, udhaifu usioandikwa ni uongo.