Ngao mbele, mlango wazi nyuma: hivi ndivyo seva ya redio ya jamii inavyozimwa

Antena ya FM ya redio ya jamii haifiki mbali. Familia zilizokimbia Niemba na vijiji vya jirani katika vita kati ya Watwa na Waluba, kuanzia mwaka wa 2016, zikaenda kukaa Kalemie mjini au kuvuka ziwa kwenda Kigoma, haziwezi kusikia sauti ya nyumbani kwa mawimbi. Zinaisikia kwa simu, na simu inaitoa kwenye seva. Seva hiyo ikizimika siku ya vurugu, baba aliyekuwa anajiandaa kurudi shambani hajui kama njia ni salama. Atabaki na uvumi tu.

Kuizima hakuhitaji kuvunja neno la siri. Mtu anatuma maombi mengi kwa wakati mmoja, kutoka mashine nyingi zilizotekwa, kama kamera za ulinzi na vijisanduku vya interneti vya majumbani, mpaka seva ishindwe kumjibu msikilizaji wa kweli. Mwezi wa 7 mwaka wa 2023 Kenya iliyaona hayo. Tovuti ya serikali ya eCitizen, yenye huduma zaidi ya 5,000, ililemewa na mafuriko ya namna hiyo. Watu walishindwa kununua umeme na tiketi za treni, na waziri Eliud Owalo akasema hakuna taarifa zilizoibwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitapa kuwa ndilo lililofanya, na mwaka wa 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili wa Sudan. Kama serikali yenye mafundi na pesa ilitikisika, redio yenye fundi mmoja wa kujitolea haina budi kujipanga kabla.

Tuseme redio inatuma sauti kwa kilobiti 32 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kwa maneno. Wasikilizaji 200 wakiingia pamoja wanahitaji megabiti 6.4 kwa sekunde. Seva ya kukodi yenye njia ya megabiti 100 inawabeba bila taabu. Sasa mafuriko ya gigabiti moja, ambayo kwa wenye kazi hiyo ni madogo, ni mara kumi ya njia yote. Hapo ukuta wa moto uliowekwa ndani ya seva haufai kitu, kwa sababu njia imejaa kabla maombi hayajafika kwenye ukuta. Mara nyingi mwenye kukodisha seva, ili kuwaokoa wateja wake wengine, anaikata anwani hiyo kabisa. Basi aliyeshambulia amepata alichotaka.

Kwa hiyo tovuti za redio huweka ngao mbele: kampuni au shirika lenye mitambo mikubwa linapokea maombi yote kwanza, linachuja, kisha linapeleka mema kwenye seva. Zipo ngao za bure kwa vyombo huru vya habari, kama Deflect ya shirika la eQualitie la Kanada na mpango wa Galileo wa Cloudflare. Hapo ndipo mafundi wengi wanapolala usingizi, nao wanakosea. Ngao inamzuia anayepita kwa jina la tovuti. Anayeijua anwani ya IP ya seva yenyewe anaizunguka na kupiga moja kwa moja.

Na anwani hiyo inajulikana kwa njia rahisi sana. Kuna tovuti zinazotunza kumbukumbu za majina ya mtandao, kwa hiyo anwani iliyotumika kabla ya ngao bado inasomeka huko. Kuna barua pepe: seva ikituma yenyewe ujumbe wa kubadili neno la siri, anwani yake inaandikwa kwenye vichwa vya barua, na yeyote aliyejiandikisha anaweza kuisoma. Lakini kosa la redio hasa ni sauti. Icecast, programu inayotumiwa na redio nyingi, kwa kawaida hutoa sauti kwenye mlango namba 8000. Ngao ya kawaida ya Cloudflare haipitishi mlango huo. Fundi anaona tovuti inafunguka lakini sauti haitoki, anaunda jina jingine la sauti lisilopita kwenye ngao, sauti inarudi, kila mtu anafurahi. Jina hilo jipya linaonyesha anwani ya kweli kwa ulimwengu wote, na tovuti iko kwenye mashine hiyo hiyo.

Kupima si kazi ngumu. Kutoka kwenye kompyuta iliyo nje, si kwenye seva yenyewe, fundi anauliza anwani ya kweli bila kupita kwenye ngao:

```
curl -k --resolve redio.example:443:203.0.113.7 https://redio.example/
```

Aweke jina na anwani ya redio yake. Ukurasa wa redio ukitokea, nyuma ni wazi. Ikisubiri mpaka muda uishe bila jibu, hapo ni vizuri.

Dawa ina mpangilio, na mpangilio ndio unaosahauliwa. Kwanza ngao iwekwe. Kisha redio iombe anwani mpya kwa mwenye kukodisha, maana ile ya zamani imekwisha kuonekana. Kisha ukuta wa moto ukubali maombi ya tovuti kutoka kwenye anwani za ngao peke yake. Hatua hii ya mwisho si ya kuruka: mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba mashine moja inaweza kugonga anwani zote za umma za IPv4 duniani kwa dakika chini ya 45. Anwani mpya inayomjibu kila anayegonga haitakaa siri.

Sauti ihamishiwe seva nyingine, ndogo na ya bei nafuu, inayokubaliwa tangu mwanzo kwamba inaweza kupotea. Studio inasukuma sauti kwenda huko, wala hakuna mlango unaofunguliwa studioni. Hilo lina maana sana kwenye mkataba wa setelaiti unaohesabu data, kwa sababu mafuriko yanayofika studioni yanaweza kumaliza kifurushi cha mwezi. Seva ya sauti ikipigwa, fundi anakodi nyingine, anaelekeza jina la sauti huko, na tovuti yenye habari na matangazo yaliyorekodiwa inabaki hai.

Kuna ushauri mmoja wa kawaida usiofaa huku kwetu: kuzuia kila anwani inayofungua miunganisho zaidi ya mitano au kumi. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kambi nzima ya waliohama inaweza kuonekana kwenye seva kama mtu mmoja mwenye pupa, na fundi akafungia wale wale anaowatumikia. Kipimo hicho kiwe kikubwa, na fundi atazame kwanza kumbukumbu za siku ya kawaida ili ajue wasikilizaji wake wanafananaje.

Jambo la mwisho ni la kuaminiana. Ngao za aina hii hufungua mawasiliano ili kuyachuja, kwa hiyo mwenye ngao anaweza kuona kinachopita. Kwa habari za bei ya mihogo hilo halina neno. Lakini mama aliyehama akiandika kwenye fomu ya tovuti jina la aliyechoma nyumba yake, ujumbe huo haufai kupita hapo. Redio inayopokea mashtaka ya namna hiyo iweke njia nyingine, kama Signal au mtu wa kukutana naye uso kwa uso, na iiondoe fomu hiyo kwenye tovuti.