"Nimeitwa Kwingine": Neno Lenye Bei Likiwa la Kweli

KILA aliyewahi kutafuta kiwanja Mapinga anaijua sentensi ya dalali: "Kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha mkononi." Mara nyingi mteja huyo hayupo. Wanunuzi wameisikia mno hata imeshuka thamani, na siku ambayo mteja wa kweli yupo, mnunuzi huendelea kunywa soda yake bila wasiwasi.

Katika soko la ajira sentensi hiyo ipo pia, ila huko bado ina nguvu. Mwombaji kazi anayemwambia afisa utumishi kwamba ameitwa na mwajiri mwingine anaweza kufupisha wiki tatu za kungoja zikawa siku nne. Sharti lake ni moja: neno liwe la kweli, na liwe na tarehe.

Chukua mfano wa kijana mkazi wa Mapinga, mtunza ghala mwenye uzoefu wa miaka mitano. Jumanne amefanyiwa usaili na kampuni ya usambazaji iliyoko Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Ameambiwa kuna usaili wa pili na kwamba jibu litatoka baada ya wiki tatu. Alhamisi kiwanda kimoja cha upande wa Zinga, karibu na nyumbani, kinampa barua ya ajira na kutaka jibu ifikapo Jumatatu jioni. Kazi anayoipenda ni ile ya Dar es Salaam, lakini barua aliyonayo mkononi ni ya Zinga.

Wengi hapa hukaa kimya. Huona haya, au huogopa kuonekana wanajidai. Matokeo yake huwa mawili: ama hukubali kazi ya Zinga na kuiacha ile nyingine bila kujua ingekuwaje, ama huiacha barua ipite na baadaye wakakosa zote mbili.

Ili kuona kwa nini kusema kunasaidia, ni vizuri kuzipima zile wiki tatu. Kazi halisi iliyomo ni kidogo. Usaili wa pili ni saa moja. Kuwapigia simu wadhamini watatu ni nusu siku. Kuandika barua na kuitia saini ni siku moja. Muda uliobaki ni wa kusubiri: meneja yuko safarini Mwanza, au faili liko mezani kwa mhasibu, au hakuna aliyeona haraka. Muda wa namna hiyo hukatika mtu akipewa sababu ya kuukata. Afisa utumishi naye ana hasara ya kuepuka, kwani akimpoteza mwombaji aliyemridhisha itambidi apitie maombi upya na kuita watu wengine. Wakala wa ajira ana sababu zaidi, maana hulipwa na mwajiri pale nafasi inapojazwa.

Kwa hiyo Alhamisi hiyo hiyo kijana anapiga simu, kisha anaandika ujumbe ubaki kama kumbukumbu: "Habari za kazi, dada. Ni mwombaji wa nafasi ya mtunza ghala niliyekuja Jumanne. Leo nimepata barua ya ajira kutoka kwa mwajiri mwingine, na natakiwa kujibu Jumatatu jioni. Nafasi ya kwenu ndiyo ninayoipenda zaidi. Je, inawezekana usaili wa pili ukafanyika kabla ya siku hiyo? Niko tayari hata Jumamosi."

Ujumbe huo una mambo manne tu: hatua aliyofikia kwingine, tarehe, upendeleo wake, na ombi. Hautaji jina la kiwanda wala mshahara wake. Akiulizwa mshahara anaweza kukataa kwa heshima. Kutokutaja si uongo. Kutaja mshahara ambao hautolewi ni uongo.

Jibu litakalokuja ni habari ya soko kwa lenyewe. Akiambiwa "njoo Jumamosi saa tatu, meneja atakuhoji kwa simu," yuko mstari wa mbele. Akiambiwa "haiwezekani kabla ya tarehe 20," amepata tarehe ya kweli ya kupelekea Zinga na kuomba siku za nyongeza, kwa ukweli ule ule. Akiambiwa "tutakupigia" bila tarehe, na akikumbusha akapata jibu lile lile, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba yupo aliyemtangulia. Hapo barua ya Zinga imepanda thamani.

Wakati wa kusema nao una uzito. "Nimeomba kazi kwingine" halimsukumi mtu, kwa sababu kila mwombaji ameomba kwingine. "Nimefika usaili wa mwisho, na uamuzi ni wiki ijayo" lina uzito kiasi. "Nina barua yenye tarehe" ndilo zito kuliko yote. Kosa la wengi ni kulipandisha neno ngazi moja, kuita usaili barua. Afisa akisema "sawa, tuletee tuione barua hiyo," au akisema "basi chukua hiyo, tunakutakia heri," aliyedanganya hana pa kurudi. Na katika fani moja ndani ya mji mmoja, maafisa utumishi hupigiana simu.

Upande wa serikali mambo ni tofauti. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma haiwezi kumharakishia mtu mmoja. Usaili wa mchujo, wa vitendo na wa mahojiano huenda kwa ratiba ya wote, na majina hutolewa hadharani. Kuwaandikia kwamba kampuni binafsi inangoja jibu hakubadili chochote. Lakini ratiba hiyo ni hoja nzuri kwa mwajiri binafsi, maana tangazo la kuitwa kwenye usaili lina jina na tarehe, na afisa yeyote anaweza kulifungua na kuhakikisha. Mpaka wake ni huu: baada ya mahojiano, siku ya kutangazwa waliopangiwa vituo huwa haijulikani mapema. Anayeitaja tarehe hiyo anaibuni.

Wapo wanaoshauri njia ya mkato: kubali Zinga, anza kazi, kisha ondoka Dar es Salaam wakiita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimfungi mtu kazini, lakini inataka notisi: siku zisizopungua 7 katika mwezi wa kwanza, na baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kwa hiyo njia hiyo ina gharama hata kabla ya kuhesabu jina linalobaki nyuma. Simu moja ya Alhamisi ni rahisi kuliko hiyo.

Yapo pia yasiyokatika hata kwa neno la kweli. Kampuni inayotaka kupima afya au kuhakiki vyeti itafanya hivyo, na mwombaji anayesukuma hatua hizo huzua shaka. Kinachoombwa kifupishwe ni kusubiri tu.

Dalali wa viwanja aliharibu sentensi yake mwenyewe kwa kuitumia bila mteja. Mwombaji kazi wa Mapinga bado anayo ya kwake ikiwa nzima. Aitumie siku ambayo barua iko mfukoni kweli, ataje tarehe iliyoandikwa humo, kisha angoje jibu akijua kwamba hata likiwa "hapana," amelipata kabla ya Jumatatu.