Kabla Ugomvi Haujafika Ijumaa na Jumapili

Oktoba 2012, huko Mbagala jijini Dar es Salaam, watoto wawili, mmoja Muislamu na mwenzake Mkristo, walibishana juu ya msahafu. Wa kwanza alidai kwamba anayeuvunjia heshima hugeuka mnyama. Mwenzake, kijana wa miaka 14, akataka kuhakikisha, akaukojolea. Habari ikafika kwa wakubwa, ikafika polisi, kijana akawekwa kituoni. Tarehe 12, siku ya Ijumaa, baada ya sala, umati ulikwenda kituoni kudai akabidhiwe kwao. Ulipokataliwa, makanisa ya eneo hilo yakashambuliwa, mengine yakatiwa moto.

Kisa hicho kinawahusu wakazi wa Fumba, Unguja, kwa sababu kilianza udogo kabisa: watoto wawili wanaocheza pamoja, na ubishi wa kitoto. Kati ya ubishi ule na moto ule palikuwa na muda wa mtu kubisha hodi nyumba ya huku na nyumba ya kule. Ugomvi ukishaingia Ijumaa msikitini au Jumapili kanisani, si wa majirani wawili tena. Unakuwa wa dini mbili, na hapo hata anayetaka kusamehe huona haya kusamehe, maana ataambiwa ameisaliti imani yake.

Unguja nayo ina kumbukumbu zake. Mei 2012 mhubiri wa Jumuiya ya Uamsho alikamatwa na polisi, na vurugu zilizofuata mjini zikaishia kwa kanisa kuchomwa moto Kariakoo. Waliokuwa wakisali pale hawakumkamata mtu. Walilipishwa deni lisilo lao. Tarehe 6 Novemba mwaka huohuo Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi, akanusurika. Tarehe 17 Februari 2013, Jumapili asubuhi, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipofika kanisani Beit el-Raas. Msikiti ulijeruhiwa na kanisa likafiwa ndani ya miezi michache. Anayesimulia nusu ya orodha hiyo, iwe nusu yoyote, anawasha moto mwingine.

Fumba ya leo imebadilika haraka kuliko mazoea ya watu wake. Rasi iliyojulikana kwa uvuvi, mwani na mashua zinazopeleka watalii ghuba ya Menai sasa ina mji mpya, mafundi kutoka Bara, wapangaji kutoka nchi za mbali, na ibada zinazosaliwa katika vyumba vya kupanga. Katika kisiwa ambacho Waislamu ni zaidi ya asilimia 95, Mkristo wa Fumba mara nyingi ni mgeni kwa mambo mawili, dini na asili. Aliyeishi hapa miaka 20 bado huitwa mtu wa Bara. Naye mwenyeji, pamoja na wingi wake, ana uchungu wake: ameona ardhi ya wazee wake ikizungushiwa ukuta, na anahisi kwamba hakuna anayemuuliza lolote. Ndiyo maana ugomvi unaoanzia kwenye spika au kwenye sahani ya chakula mchana wa Ramadhani mara nyingi una jambo jingine chini yake.

Wakazi wanaombwa kufanya jambo moja linalowezekana. Kila mtaa uteue watu wawili wanaoaminika, Muislamu mmoja na Mkristo mmoja, ikiwezekana mmoja wao awe mwanamke. Likitokea jambo, wawili hao watoke pamoja siku hiyohiyo, waende kwanza kwa aliyeumia, kisha kwa anayelaumiwa. Wasiende na hukumu. Wakae barazani, wasikilize mpaka mwisho, kisha warudie walichosikia kwa maneno yao, na mwenye nyumba aseme "ndivyo" au awasahihishe. Kazi inaonekana ndogo, lakini hapo ndipo uvumi hufa: "walimpiga Muislamu" inageuka kuwa vijana wawili waliogombania nauli ya bodaboda.

Tuseme jambo lenyewe ni spika. Mzee analalamika kwamba mkesha wa Ijumaa usiku unamnyima usingizi hadi alfajiri. Waumini wanajibu kwamba wao nao huamshwa na adhana na hawasemi. Wakiachwa hapo, kila upande utahesabu kelele za mwenzake. Wasikilizaji wazuri watauliza zaidi, na pengine watagundua kwamba mzee ana mgonjwa ndani, na kwamba waumini hawana mahali pengine pa kukusanyika kwa sababu wamenyimwa vyumba mara tatu. Sasa kuna la kuzungumza: spika ielekezwe upande gani, izimwe saa ngapi, na ni nani wa kupigiwa simu usiku badala ya kurusha mawe juu ya bati. Mapatano yaandikwe kwa sentensi chache, yawe na saa na majina, na yarudiwe kuangaliwa baada ya mwezi.

Yapo mambo ambayo wawili hawa hawapaswi kuyashika. Damu ikimwagika, nyumba ikichomwa au mtoto akidhuriwa, hilo ni la polisi, na kulimaliza barazani ni kumficha mkosaji. Kusikilizana kunahitajika hata hapo, ili jamaa zake na waumini wenzake wasibebeshwe kosa lake.

Lipo pia kosa jingine, ambalo halionekani kwa urahisi: kuuchukulia ukimya kuwa amani. Mpangaji Mkristo anapoketi mbele ya mwenye nyumba wake Muislamu na kusema "yamekwisha", huenda anaiogopa kodi ya mwezi ujao. Ishara za hofu hiyo zinajulikana: watoto hawachezi tena uwanja mmoja, duka la jirani linapitwa, na mwisho wa mwezi godoro linapakiwa kwenye kirikuu alfajiri. Huko Wajir, kaskazini mwa Kenya, wanawake akina Dekha Ibrahim Abdi walipoanza kuzikutanisha koo zilizokuwa zikiuana mwanzoni mwa miaka ya 1990, mzee wa ukoo mdogo ndiye aliyepewa nafasi ya kuongoza mazungumzo, kwa kuwa hakuna aliyemwogopa. Fumba inaweza kuiga hilo. Anayeongoza kikao asiwe mwenye nyumba, mwajiri wala kiongozi wa chama. Sheha apewe taarifa na aheshimiwe, lakini mbele yake wengine huchunga maneno, kwa hiyo afike siku ya mapatano.

Zanzibar haianzi mwanzo. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana uso kwa uso Ikulu baada ya miaka ya chuki za uchaguzi, na Julai 2010 wananchi wakaikubali kwa kura serikali ya umoja wa kitaifa. Neno maridhiano likaingia midomoni mwa watu wote. Mjini nako, katika mradi wa Upendo, wanawake wa Kiislamu na Kikristo wamejifunza ushoni wakiwa bega kwa bega, cherehani kwa cherehani.

Maimamu wanaombwa kulisema hili baada ya sala ya Ijumaa inayokuja, na wachungaji na mapadri walisome Jumapili yake. Majina mawili ya kila mtaa na namba zao za simu yabandikwe kwenye mlango wa msikiti, kwenye chumba cha ibada, ofisini kwa sheha na kwenye banda la kahawa, pale wanaume wanapopata habari kabla ya polisi. Wanawake wa mwani wapelekewe majina hayo wenyewe, maji yanapokupwa, kwa sababu wengi wao hawapiti bandani.