Acheni kuita hiyo pesa ya bure

Kuna video zinazunguka siku hizi, wasee, na zote zina wimbo mmoja. Kijana ameketi kwenye gari ambalo hatujui ni la nani, anakwambia: "Hisa zako zimelala tu? Zipangishe! Kila mwezi unalipwa, na hisa zinabaki zako." Chini yake komenti 400, zote zinauliza, "Naanza aje?"

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, najua mtanikumbusha kwenye komenti, kwa hivyo nimewasaidia. Lakini hesabu ya kutoa na kujumlisha sikuiacha huko. Na hiyo sentensi ya mwisho, "hisa zinabaki zako", ni uongo. Zinabaki zako mpaka siku utakayozitaka zaidi. Hapo ndipo zinaenda.

Ngoja nieleze kwa lugha ya ploti, maana sisi Wakenya ploti tunaielewa hata usingizini. Una ploti Kitengela, uliinunua zamani kwa laki tatu, leo inaenda milioni mbili. Jamaa anakuja, anakwambia: "Chukua elfu hamsini sasa hivi, ni yako, hairudi. Lakini mpaka Desemba, nikitaka kununua hii ploti kwa milioni mbili na laki mbili, huwezi kukataa." Wewe unakula elfu hamsini. Bei ikilala, Desemba inapita, ploti yako na elfu hamsini yako. Lakini serikali ikileta lami na bei ipande hadi milioni tatu, jamaa anakuja na milioni mbili na laki mbili mkononi, anatabasamu. Utasema nini? Uliweka sahihi.

Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Kwenye apu za broka wa Marekani inaandikwa `Covered Call`. Umeuza haki ya kununua hisa zako kwa bei mliyokubaliana, mpaka tarehe fulani, na ukalipwa kwa kuuza hiyo haki. Mkataba mmoja ni hisa 100. Mikataba hii imekuwa ikiuzwa kwenye soko rasmi pale Chicago tangu 1973, si uganga na si utapeli. Ni biashara halali ambayo inaelezwa kwa uongo.

Sasa nisikilizeni, hii ilitokea nyumbani kwetu.

Dada yangu mkubwa, mtoto wa shangazi, ni nesi Dallas. Mwaka 2019 alinunua hisa 25 za Nvidia kwa dola 160 moja. Hiyo ni dola 4,000, pesa ya kulala zamu za usiku. Julai 2021 kampuni ikagawa kila hisa moja kuwa nne, akajikuta na hisa 100 ambazo gharama yake ni dola 40 moja. Hakuuza. Mwaka 2022 bei ilianguka karibu nusu, hakuuza. Alisema hizo ni za karo ya watoto.

Mei 2023 hisa iko karibu dola 305. Dada ameona video. Anafungua apu, anaona mkataba wa bei ya dola 330, unaoisha tarehe 16 Juni. Malipo yake ni dola 9 kwa kila hisa, yaani dola 900 kwa hisa zote 100. Kwa bei ya dola wakati huo, hiyo ni zaidi ya shilingi 120,000, kwa kubonyeza `Sell to Open` mara moja. Akanipigia simu anacheka: "Kumbe hizi vitu zilikuwa zinaweza kunilipia nyumba!"

Hiyo ilikuwa siku moja kabla ya Nvidia kutoa ripoti ya mapato. Ripoti ilitoka jioni ya tarehe 24 Mei. Kesho yake hisa ilifunga karibu dola 380, ikiwa imepanda asilimia 24 kwa siku moja. Dada akanipigia tena, safari hii hacheki. Alitaka kununua mkataba wake urudi, afute. Lakini mtu mwenye haki ya kununua kwa 330 kitu cha 380 hawezi kukuuzia hiyo haki kwa chini ya dola 50. Hiyo ni dola 5,000 na zaidi, ili kufuta kitu alichouza kwa 900. Hakuwa nazo. Akangoja bei ishuke.

Haikushuka. Ijumaa ya tarehe 16 Juni hisa ilikuwa zaidi ya dola 420. Wikendi hiyo hisa zote 100 zikachukuliwa kwa 330. Alipata dola 33,000, ukiongeza yale malipo ni 33,900. Kama angekaa tu bila kufanya lolote, angekuwa na hisa za zaidi ya dola 42,000. Zaidi ya dola 8,000 zimeenda, kwa ajili ya 900.

Na bado hatujamaliza, maana kuna sehemu ambayo vijana wa video hawaisemi kabisa. Hisa za zamani zina kodi iliyolala ndani yake. Dada alinunua kwa 4,000, ameuza kwa 33,900 pamoja na malipo. Faida ni dola 29,900, na kwa mshahara wake kodi ya serikali kuu ya Marekani kwa faida ya hisa za muda mrefu ni asilimia 15. Hiyo ni karibu dola 4,500. Angeendelea kushika, hangedaiwa hata senti mwaka huo. Kwa hivyo alilipwa 900, na mkataba huo huo ukamletea bili ya 4,500 ambayo hakuwa amepanga. Mtu aliyenunua hisa jana kwa bei ya leo hana tatizo hili. Mwenye hisa za miaka ndiye anaumia, na ndiye hizi video zinamwita.

Najua kuna wenye watasema, "Lakini hakupoteza, bado ana faida." Sawa. Mwenye ploti ya Kitengela pia ana faida. Swali langu ni kama alijua anauza nini. Dada hakujua. Aliangalia safu ya malipo pekee, akachagua penye namba ilimfurahisha. Hilo ndilo kosa, na linafanyika kila siku.

Bei ya mkataba hatuchagui kwa kuangalia malipo. Unaanza na swali moja kabla hata ya kufungua apu: ni bei gani ningeuza hizi hisa leo, nilipe kodi yake, na nilale vizuri? Nilimuuliza dada baadaye. Alisema 400, bila kufikiria. Basi angeuza haki ya 400. Malipo yake siku hiyo yalikuwa kama dola 1 kwa hisa, yaani dola 100 kwa mkataba mzima. Utasema hiyo ni pesa kidogo. Ndiyo, ni kidogo. Soko lilikuwa linamwambia ukweli: ukitaka kubaki na nafasi ya kupanda hadi 400, hiyo nafasi huwezi kuiuza na kubaki nayo. Na Juni ilipofika, hisa zingechukuliwa pia, lakini kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Hapo hakuna mtu analia.

Kwenye apu kuna safu inaitwa `Delta`. Ichukue kama makadirio ya soko ya uwezekano wa hisa zako kuchukuliwa siku ya mwisho. Si hesabu kamili, lakini inatosha kukuamsha. Mkataba wa dada ulisoma karibu 0.35. Yaani soko lilimwambia kuna kama nafasi moja kati ya tatu za kupoteza hisa za karo. Ule wa 400 ulikuwa chini ya 0.10. Kama hisa hutaki ziende, unafanya nini kwenye 0.35?

Tarehe nayo. Thamani ya hii mikataba inayeyuka kadiri siku zinavyoisha, na kuyeyuka kunaongeza kasi karibu mwezi wa mwisho. Ndiyo maana wauzaji wengi wazoefu huchagua siku 30 hadi 45: unalipwa kwa muda unaoyeyuka vizuri, na bado una nafasi ya kuweka bei mbali kidogo na ya leo. Ile ya wiki moja inavutia ukipiga hesabu ya mwaka, lakini ili ikulipe kitu cha maana lazima uweke bei karibu sana, na hapo mruko mmoja tu unakumaliza.

Lakini kabla ya kuhesabu siku, angalia kama kuna ripoti ya mapato kati ya leo na tarehe ya kuisha. Dada aliona dola 9 akadhani ni ukarimu. Malipo yalikuwa manono kwa sababu kila mtu sokoni alijua kesho yake kuna habari. Ukiona malipo yamenenepa ghafla, uliza kwanza ni nini kinakuja, maana anayelipa tayari ameuliza. Ripoti ikishatoka, huo unono huisha, na wewe unaamua ukiwa unajua unachouza.

Na usidhani hii ni kinga. Kwa dola 9, dada alikuwa amekingwa kutoka 305 hadi 296. Hisa ikianguka nusu kama 2022, umeanguka nayo, na 900 mkononi. Juu umefungwa, chini kuko wazi.

Mimi sisemi msiifanye. Kama una hisa 300 na ungependa kupunguza 100 hata hivyo, uza haki ya hizo 100 kwa bei unayoipenda, baada ya ripoti, mwezi mmoja na kidogo mbele. Zikichukuliwa, uliuza ulivyotaka na ukalipwa kwa kusubiri. Zisipochukuliwa, chukua malipo yako ukanywe chai. Dada alikuwa na 100 pekee, na mkataba haugawanyiki. Alikuwa anaweka mezani zote au hakuna, na jibu lake lilikuwa hakuna.

Sasa wewe mwenye video, uko huru kunijibu. Lakini ukija, njoo na mwezi ambao hisa zako zilichukuliwa, na kodi uliyolipa. Ile miezi uliyolipwa tumeshaiona.