Ripoti ya robo mwaka: Mkurugenzi aambiwe nini kuhusu mkulima wa chai Rungwe?

KATIKA kata ya Ibighi na vijiji vingine vinavyouzunguka mji wa Tukuyu, mkulima mdogo wa chai anaijua kampuni kupitia mambo matatu: mizani ya kituo cha kukusanyia majani, gari linalokuja kubeba, na malipo ya mwisho wa mwezi. Mkurugenzi wa kampuni naye mara nyingi humjua mkulima kupitia karatasi. Kila baada ya miezi mitatu huletewa ripoti inayoeleza kampuni imewanufaisha vipi wananchi, imetumia kiasi gani na ifanye nini baadaye. Karatasi hiyo ikiandikwa vibaya, uamuzi unaofuata huharibika, na anayeumia ni mwenye shamba.

Rungwe ina sababu ya pekee ya kuijali karatasi hii. Kwa miaka mingi chai ya wakulima wadogo ilikuwa chini ya Mamlaka ya Chai Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vya Katumba na Mwakaleli viliingia mikononi mwa Kampuni ya Chai ya Wakulima, ambamo wakulima walishika hisa kupitia chama chao huku mwekezaji akishika sehemu kubwa. Mkulima akawa muuzaji wa majani na mwenye hisa kwa wakati mmoja. Mwenye hisa ana haki ya kuuliza ripoti inasema nini.

Swali la kwanza ni fedha ni ya nani. Chai inayouzwa kwa alama ya Fairtrade huleta nyongeza juu ya bei, na nyongeza hiyo ni mali ya chama cha wakulima. Mkutano mkuu wao ndio unaoamua kama ijenge darasa, zahanati au daraja. Ripoti inayosema “kampuni imejenga darasa”, ilhali mabati yamenunuliwa kwa nyongeza hiyo, inampa mkurugenzi sifa isiyo yake. Mbaya zaidi, atadhani kampuni imekwishatimiza wajibu wake, na fungu la huduma kwa wakulima litapunguzwa. Kwa hiyo gharama ziandikwe katika safu mbili: fedha ya kampuni na fedha ya wakulima.

Nyongeza yenyewe nayo huwapa watu matumaini makubwa kuliko uwezo wake. Inahitajika kama kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Tuchukue mfano wa kiwanda kilichopokea kilo 450,000 za majani. Hapo kitatoa chai kavu kilo 100,000. Tuseme nyongeza ni nusu dola kwa kilo. Wengi watapiga hesabu ya dola 50,000. Lakini nyongeza hulipwa kwa kilo zilizouzwa kwa alama hiyo tu. Kama wanunuzi wa alama wamechukua kilo 8,000 na nyingine zimeuzwa kwa njia ya kawaida, chama kitapata dola 4,000. Ripoti nzuri hutaja kilo zilizouzwa kwa alama na haiishii kwenye kilo zilizozalishwa.

Swali la pili ni matokeo. Kufundisha wakulima 120 ni kazi iliyofanyika, bali matokeo ni kile kilichobadilika baada ya mafunzo. Kwa mkulima wa chai badiliko linaonekana haraka penye mizani, katika majani yanayokataliwa kwa sababu yamechumwa yakiwa yamekomaa, yamebanwa kwenye gunia au yamepata joto na kuwa mekundu.

Hebu tutazame kituo cha mfano chenye wakulima 120. Kati ya Januari na Machi walileta kilo 60,000, na zilizokataliwa ni kilo 3,000, yaani asilimia 5. Miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia walileta kiasi kilekile, zikakataliwa kilo 6,000, asilimia 10. Ulinganisho ni wa miezi ileile kwa sababu chai hufuata mvua. Ukilinganisha Machi na Septemba utausifu mradi kwa kazi iliyofanywa na mawingu.

Kilo 3,000 zimeokolewa. Kwa bei ya mfano ya shilingi 350, hizo ni shilingi 1,050,000 kwa kituo, au shilingi 8,750 kwa kila mkulima. Upande wa gharama, kampuni ilijenga banda la kivuli kwa shilingi 900,000. Banda likidumu miaka mitano, sehemu ya robo moja ni shilingi 45,000. Usafiri na posho ya bwana shamba ni shilingi 600,000. Jumla ni shilingi 645,000, au shilingi 5,375 kwa mkulima. Inaonekana faida ipo.

Lakini mwandishi mwaminifu ataangalia na kituo cha jirani kisicho na banda wala mafunzo. Kama huko nako majani yaliyokataliwa yameshuka kutoka asilimia 10 hadi 8, huenda gari liliwahi zaidi kote. Basi kati ya asilimia 5 zilizopungua, 2 zingepungua hata bila mradi. Zinazobaki ni 3, sawa na kilo 1,800, au shilingi 630,000. Gharama ya shilingi 645,000 imezidi kidogo. Mkurugenzi aambiwe hivyo, kisha aambiwe kwamba mzigo ni posho na usafiri, wala si banda. Uamuzi wa busara basi ni kuliacha banda na kupanga upya safari za bwana shamba, pengine ahudumie vituo viwili kwa siku moja.

Kuna mitego miwili hapa. Majani yanayokataliwa yanaweza kupungua kwa sababu karani amelegeza macho. Dalili yake ni kiwandani: kama kituo kinakataa kidogo huku majani yanayofika yana mabua magumu na wekundu, hakuna kilichoboreka. Mtego wa pili ni wastani. Malipo huenda kwa mwenye namba ya usajili, ambaye mara nyingi ni mume, hata kama mchumaji ni mke. Ripoti iseme namba ngapi ni za wanawake, la sivyo “mkulima amenufaika” haielezi nani amepata.

Swali la tatu ni vipaumbele. Orodha ya mambo kumi haimsaidii mkurugenzi. Yatosha mawili, kila moja likiwa na bei, mhusika, tarehe, kipimo, na kitakachoachwa ili lipate fedha. Tarehe ndiyo husahauliwa zaidi. Ripoti ya Januari hadi Machi humfikia mkurugenzi Aprili, wakati mvua kubwa imekwishashika Rungwe na magari yanakwama. Kuomba karavati wakati huo ni kuomba fedha itakayotumika baada ya majani kuoza. Ombi la barabara za mashambani liwe katika ripoti ya Julai hadi Septemba, ili kazi ifanyike kabla mvua za Novemba hazijakolea. Aprili iachiwe yanayowezekana ndani ya matope: ratiba ya magari, maturubai na magunia yenye matundu.

Wajumbe wa chama wanaokutana na uongozi wa kampuni wanaweza kuingia na maswali matatu tu. Fedha hii ilikuwa ya nani? Kituo cha jirani kilipata nini? Na kazi inayofuata itakamilika kabla ya mvua au baada yake?