Sekunde za Kwanza za Simu Isiyopokelewa

Karibu kila mwenye simu nchini anaijua sauti ya mtandao inayoarifu kuwa mteja hapatikani. Mazoea hayo yamezaa tabia moja: mpigaji akisikia sauti laini ikianza kwa kuomba radhi, hukata kabla sentensi haijaisha. Kliniki inayorekodi salamu yake ya simu kwa maneno "Samahani, kwa sasa hatupatikani" inajifananisha na sauti hiyo bila kukusudia, na agizo lililo muhimu huja wakati mpigaji ameshaondoka. Kwa hiyo neno la kwanza linapaswa kuwa jina la mahali.

Gharama nayo ipo. Salamu inapoanza kusikika, simu huhesabiwa kuwa imepokelewa, na salio la mpigaji huanza kupungua. Fikiria mume aliyepo Muze, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, ambaye mkewe mjamzito ameanza kutokwa na damu usiku. Anapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya Sumbawanga mjini, huko juu kwenye uwanda wa Ufipa, akiwa na salio la dakika moja. Nusu ya dakika hiyo ikiishia kwenye kaulimbiu ya kituo na orodha ya huduma zake, kliniki imemnyang'anya muda ambao hana.

Salamu inayomfaa mtu huyo, na inayomfaa pia anayeuliza tarehe ya chanjo, inaweza kuwa hii:

"Kliniki ya wajawazito, Sumbawanga. Karibu. Hii ni sauti iliyorekodiwa. Muuguzi hayuko karibu na simu. Kama mama anatokwa na damu au ana degedege, kata simu hii sasa, piga 115, ni bure. Kwa jambo jingine, baada ya mlio, taja jina lako, kijiji na namba tutakayokupigia. Tunapiga siku za kazi, kati ya saa 8 mchana na saa 10 jioni. Asante."

Ikisomwa bila haraka, huchukua kama nusu dakika. Dharura imetangulia kila kitu, na namba 115 ni ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Hakuna "tutakupigia leo", kwa kuwa rekodi haijui kama ni Jumatatu asubuhi au Jumamosi usiku. Hakuna pia "habari za asubuhi". Kwa Mswahili, habari hudai jibu, na wapo wazee wanaoitikia na kuendelea kueleza maradhi huku rekodi ikisonga mbele bila kuwasikiliza. Vilevile muuguzi kijana hawezi kumwamkia asiyemjua umri: "hujambo" itamkwaza bibi, na "shikamoo" itamshangaza binti. "Karibu" haidai jibu na haimvunjii mtu heshima.

Mpigaji haombwi kutaja ugonjwa. Simu nyingi vijijini ni za kuazima, na anayepiga amezungukwa na watu. Kwa sababu hiyohiyo, muuguzi anayerudisha simu amtafute mhusika kwa jina, wala asimweleze mwenye simu shida yenyewe.

Uchangamfu wa sauti hautokani na maneno matamu. Anayerekodi asimame, asome kwa sauti mara mbili tatu kabla, kisha atabasamu anapotamka "karibu", tabasamu husikika. Simu iwe umbali wa shibiri moja, pembeni kidogo mwa mdomo, ili pumzi isivume. Anyamaze kidogo baada ya kubonyeza, la sivyo silabi ya kwanza itamezwa. Namba zisomwe tarakimu moja moja: moja, moja, tano. Masika ya Ufipa yana adui wake, yaani mvua juu ya bati. Stoo yenye mablanketi na magodoro ni studio nzuri kuliko ofisi ya mganga mfawidhi.

Kipimo cha kazi hiyo ni rahisi. Apigiwe mtu asiye wa idara hiyo, mlinzi wa getini kwa mfano, asikilize mara moja tu kwa simu ya kitochi, kisha aulizwe: mwenye damu afanye nini, na mwenye swali la chanjo afanye nini? Akisita katika la kwanza, salamu irekodiwe upya, hata kama daktari ameipenda.

Panapokosekana mtu aliyepangiwa kwa jina kusikiliza ujumbe saa 8 mchana, mlio uondolewe kabisa. Salamu itaje 115, siku na saa za kliniki, basi. Mama aliyeacha ujumbe hukaa nyumbani akisubiri kupigiwa. Aliyeambiwa kliniki hufunguliwa saa 2 asubuhi hutafuta nauli.